Treni na Mlango

Nyumba ya Mwalimu Calist pale Itigi ina vyumba viwili na sebule, lakini yeye anatumia chumba kimoja tu. Kile kingine kina kitanda kidogo kilichotandikwa shuka la vipepeo. Kila Jumamosi asubuhi analikung'uta lile shuka vumbi, analitandika upya, anafunga mlango. Zamani majirani walikuwa wanauliza kitanda ni cha nani, naye anawajibu ni cha binti yangu Ritha, yuko Mtinko kwa mama yake, atakuja likizo. Likizo sita zimepita. Siku hizi majirani hawaulizi tena, nao wana haya zao.

Hakuna aliyemfukuza mwenzake katika ile ndoa. Cecilia hakutoroka na mtu, na Calist hakulewa wala hakumpiga. Kosa lake, tuseme ukweli, lilikuwa kwamba alikuwa mwalimu hata akiwa nyumbani. Chumvi ikizidi alisema. Kikombe kikiwekwa pasipo pake alisema. Mtu akisimulia habari ya sokoni akakosea kama ilikuwa Jumanne au Jumatano, Calist alimkatiza katikati na kumrekebisha, kisha akamwambia, "Haya, endelea." Mtu gani anaendelea? Miaka saba Cecilia alisimulia, akapunguza, akanyamaza, na siku moja akafunga mizigo yake na kurudi kwao. Ritha alikuwa na miaka sita, na aliondoka akiwa amelala begani kwa mama yake.

Sasa Ritha ana miaka tisa, na baba yake anampigia kila Jumamosi saa kumi jioni kwa simu ya mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Umekula nini leo?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na mlenda."

Hapo Calist hukuna kichwa kutafuta swali jingine, na akilipata linajibiwa kwa neno moja, na kabla dakika tatu hazijaisha mtoto anasema mama anaitaka simu. Mama hakuwa anaitaka. Wote watatu walilijua hilo. Calist akikata simu alikuwa anakaa kwenye kiti cha sebuleni mpaka giza linamkuta hapo hapo, akifikiri: mwaka huu ana neno moja, mwakani hata hilo litakuwa limekwisha. Hofu yake yote ilikuwa hiyo. Mtoto alikuwa anampotea, na hakujua amshike wapi.

Dadu zilianzia shuleni. Darasa lake la tatu lina watoto themanini na mmoja, na kwa miaka mingi wote themanini na mmoja walikuwa wanaandika insha moja. Siku moja nilikwenda sokoni na mama, tulinunua nyanya, tulirudi nyumbani, tulifurahi sana. Ukiisahihisha ya kwanza umezisahihisha zote. Basi kwenye semina ya walimu kule Manyoni wakafundishwa kutengeneza dadu za hadithi, na Calist akarudi na karatasi za manila kwapani kama mtu aliyepewa mahari.

Alizitengeneza tano, kwa uangalifu wa mtu anayependa vitu vilivyonyooka. Kwa kila dadu alichora msalaba wa miraba sita, kila mraba sentimita tano kwa tano: minne imepangana wima, miwili imekaa ubavuni kulia na kushoto kwa ule wa pili. Akaongeza masikio saba ya kupakia gundi. Picha alizichora kwanza, karatasi ikiwa bado bapa, maana sanduku likishasimama ukilikandamiza na kalamu linabonyea. Akapitisha kwenye mikunjo kalamu iliyokwisha wino ili karatasi ikunjike bila kupasuka. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano.

Dadu ya bluu ilikuwa ya watu, ya kijani ya wanyama, nyeusi ya vitu, ya njano ya hali ya hewa. Nyekundu aliiita dadu ya safari, na kwenye nyuso zake sita alichora treni, baiskeli, mkokoteni wa punda, daraja, njia panda na mlango. Treni ilikaa mraba wa kwanza na mlango mraba wa tatu, kwa hiyo ukiikunja, treni ikiangalia juu, mlango uko chini umelala kifudifudi. Calist aliipenda dadu hiyo kuliko zote.

Seti ya kwanza panya waliitafuna kwa ajili ya ule uji. Akatengeneza nyingine na kuihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Funzo likaishia hapo hapo darasani. Mtu kufundishwa na panya halafu asikumbuke nje ya darasa, hilo nalo tutaliona.

Watoto walizipenda. Walikaa vikundi vikundi sakafuni, mmoja anatupa zote tano, kikundi kinatazama zimelala na picha gani juu, kisha wanaunda hadithi ambayo lazima kila picha iingie. Insha za sokoni zikafa. Ghafla kukawa na askari anayefuga nyuki ndani ya ndoo, na bibi aliyevuka daraja akifukuzwa na kuku. Calist alikuwa anasahihisha huku anacheka peke yake, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Ila alikuwa na sheria yake, na aliiandika ubaoni kwa chaki: *Kilichoangukia juu ndicho hicho.* Hakuna kugeuza, hakuna kuchagua. Siku moja Philipo, kijana mfupi wa dawati la mbele, aliitupa dadu nyekundu ikaleta daraja, naye akaisukuma kwa kidole mpaka treni ikawa juu.

"Philipo! Umefanya nini hapo?"

"Mwalimu, mimi nilikuwa nataka treni."

"Kwa nini?"

"Baba yuko Tabora."

"Sheria inasemaje?"

Philipo akasoma ubao kwa sauti ndogo. Akairudisha dadu kwenye daraja, na siku hiyo hakuandika kitu. Calist alimwandikia kwa wino mwekundu: *Fuata maelekezo.*

Wazo la kumtumia Ritha dadu zake lilimjia mwezi wa pili, akiwa anafunika ile ndoo. Alikaa wiki nzima akichora seti nyingine, nadhifu kuliko ya darasani. Kwa kuwa masanduku yangepondeka safarini, alizituma zikiwa bapa, zimekatwa tayari, ndani ya bahasha ya kaki aliyompa kondakta wa basi la Singida. Pamoja nazo aliweka karatasi ya maelekezo yenye namba, kama mtihani. *Moja: kunja kwenye mistari. Mbili: pika uji mzito wa ngano, upoe. Tatu: paka masikio, shikilia mpaka yakamate. Nne: zianike juani.*

Jumamosi iliyofuata alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mzigo ulifika?"

"Ulifika."

"Umezigundisha?"

Mtoto alinyamaza kidogo. "Ndiyo. Zote tano."

"Sasa sikiliza. Utatupa, utaniambia zimetoka picha gani, halafu utanisimulia. Na mimi nikimaliza kusikiliza natupa zangu."

Kisha akasikia ile sauti ndogo ikiuliza, "Natupa, baba?"

"Tupa, mama."

Simu ikamletea ko-ko-ko ya vitu vikianguka sakafuni kule Mtinko. Ritha akasema imetoka fisi, bibi, ndoo, upepo na baiskeli. Akaanza polepole, kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu. Kulikuwa na bibi aliyekuwa na baiskeli lakini hajui kuiendesha, akamwajiri fisi awe anamwendesha, na mshahara wa fisi ni ndoo ya mifupa kila mwezi. Upepo wa Singida ukavuma, ukabeba ile ndoo, fisi akagoma kazi. Hapo Calist aliangua kicheko mpaka jirani akachungulia uani kwake. Ilikuwa dakika ishirini na mbili. Alitazama saa mara mbili kuhakikisha.

Jumamosi zikabadilika kuanzia hapo. "Natupa, baba?" "Tupa, mama." Ko-ko-ko. Mrina asali aliyepoteza ufunguo wa mzinga. Punda aliyeandikiwa barua akamtafuta wa kumsomea. Nyoka aliyekaa njia panda akiuliza watu njia kumbe ndiye mwenye njia. Wiki nane mfululizo. Calist alinunua daftari akawa anaziandika hadithi zote, na kwenye ukurasa wa kwanza akachora ramani ya dadu zote tano kama zilivyo kabla ya kukunjwa. Shuleni walimu wenzake waliona ameanza kupiga miluzi.

Na ndani yake likaanza kukua jambo moja ambalo hakuthubutu kulitamka. Likizo ya Juni ilikuwa inakaribia. Alitaka kumwambia Ritha njoo. Neno lenyewe jepesi, njoo, lakini lilikuwa limekataliwa mara sita, na mara ya mwisho Ritha mwenyewe ndiye aliyesema, "Hapana, nitabaki na bibi." Calist aliona heri asubiri. Akasema, Jumamosi moja zaidi. Akasema tena, moja zaidi.

Jumamosi ya tisa Ritha hakungoja kuulizwa habari za shule.

"Natupa, baba?"

"Tupa, mama."

Ko-ko-ko.

"Imetoka msichana. Halafu mbuzi. Halafu taa. Halafu treni." Akavuta pumzi. "Na mlango."

Calist aliandika kwenye daftari: msichana, mbuzi, taa, treni, mlango. Kalamu ikasimama. Kule Mtinko hadithi ilikuwa imeshaanza, na ilikwenda mbio kuliko siku zote.

"Kulikuwa na msichana alikuwa anamkumbuka mtu. Akamuaga mbuzi wake. Akapanda treni, treni ikaenda, ikaenda, porini kote hakuna taa, akashuka stesheni akaona taa moja tu. Akaifuata. Akafika kwenye mlango, akasimama. Aliogopa, baba, kwa sababu hakujua kama huyo mtu bado anamtaka. Akanyoosha mkono, akag..."

"Ngoja, ngoja, ngoja," alisema Calist. "Treni na mlango? Rudia picha zako."

"Msichana, mbuzi, taa, treni, mlango."

"Haiwezekani, Ritha. Treni na mlango ziko dadu moja, ile nyekundu. Kila moja iko upande wake, zimepeana migongo. Treni ikitoka juu, mlango uko chini. Na ya njano iko wapi? Dadu ya hali ya hewa haikutoka kabisa. Hukutupa wewe. Umechagua. Au kuna mtu anakuambia cha kusema? Ritha? Mimi huku natupa kwa haki, wewe unanidanganya. Sheria inasemaje?"

Alisikia pumzi za mtoto, fupifupi. Mbuzi akalia kwa mbali.

"Haya," Calist alisema, kwa sauti ya kusamehe, ile sauti aliyoitumia miaka saba. "Endelea."

Simu ilikatwa.

Jumamosi ya kumi alipiga, ikapokewa na bibi. Ritha amekwenda kuchota maji. Ya kumi na moja, amekwenda kuchota maji. Kijiji kizima kingeweza kuoga kwa maji yaliyochotwa na mtoto yule. Calist alikaa sebuleni na dadu zake tano mezani, na kila alichokitazama nyumbani kilikuwa kimoja: sahani moja, kikombe kimoja, jozi moja ya ndala mlangoni. Treni ya abiria ilipita, nyumba ikatetema kidogo, ikatulia. Alijaribu kutupa na kujisimulia mwenyewe. Aliishia katikati, maana hakukuwa na mtu wa kuuliza ikawaje. Upweke aliuzoea, aliufahamu kama mtu anavyofahamu jino lake bovu, lakini huu ulikuwa mwingine. Kabla ya dadu alikuwa hajui anachokosa.

Bado lakini alijiona ana haki. Ndivyo alivyo. Alifungua lile daftari mara kadhaa, akaitazama ile ramani ya msalaba, treni mraba wa kwanza, mlango mraba wa tatu, akajiambia hesabu ni hesabu.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, simu yake iliita. Jina lilikuwa la Cecilia. Hawakuwa wameongea wenyewe kwa wenyewe mwaka na zaidi.

"Calist, habari za kazi."

"Nzuri. Ritha mzima?"

"Mzima wa nini? Mtoto hali vizuri. Nimembana jana usiku ndio akasema. Umemwita mwongo?"

"Cecilia, mimi sikumwita mwongo. Nilimwambia hakutupa zile dadu. Treni na mlango haviwezi..."

"Dadu gani?"

"Nilizomtumia."

"Calist." Alikohoa, au alicheka, haikueleweka. "Wewe hujui? Dadu zililiwa na mbuzi."

Calist alisogea kutoka kwenye makelele ya watoto, akasimama nyuma ya choo cha walimu, mahali ambapo mtu hasimami kwa hiari.

"Lini?"

"Siku ile ile alipozigundisha. Alikaa mchana kutwa anakunja na kupaka, hataki nimsaidie, anasoma ile karatasi yako kama Biblia. Akafika namba nne, zianike juani. Akazipanga kwenye ungo uani. Uji wa ngano, Calist, kwenye nyumba ya mbuzi kumi na wawili! Tuliporudi kutoka kwa jirani tukakuta gurudumu moja la mkokoteni uliouchora. Mengine yote yameliwa. Alilia huyo mtoto."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa ukijua zimekwisha hutakuwa na la kuongea naye."

Calist aliuegemea ukuta.

"Lakini nilikuwa nasikia zinaanguka," alisema.

"Ni mawe yake ya kuchezea mdako. Matano. Anayarusha karibu na simu usikie."

Hapo ndipo alipoikumbuka ile ko-ko-ko. Dadu zake za darasani zikianguka hazisemi kitu, ni karatasi, zinaanguka kama mkate. Themanini na mmoja wanazitupa kila siku mbele yake, naye hakuwahi kujiuliza. Aliyeshika kosa la mlango na treni ndani ya sekunde tatu alisikiliza mawe kwa wiki nane akiamini ni karatasi.

"Kwa hiyo zile hadithi," alisema polepole.

"Za kwake. Alizoea kukaa na picha kichwani tangu Jumatano, Jumamosi zikiwa tayari. Ile ya treni ndiyo aliyoitengeneza wiki mbili nzima. Aliniambia mimi mwisho wake, lakini sikwambii. Mwisho ni wake." Sauti ya Cecilia ikashuka, ikawa ile ya zamani kabisa, ya kabla ya kunyamaza. "Wewe unajua kukatiza watu, Calist. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilivumilia. Yule ni mtoto."

"Najua," alisema. Lilikuwa neno alilopaswa kumwambia miaka mitatu iliyopita, na lilitoka limechelewa. "Nisamehe, mama Ritha."

"Mpigie Jumamosi. Nitahakikisha maji yamechotwa."

Alirudi darasani kengele ikiwa imeshalia. Watoto walikuwa wamekaa vikundi wakimsubiri na ndoo. Aliisogeza mpaka kwa kikundi cha Philipo, akachuchumaa, akatoa dadu nyekundu, akaiweka sakafuni treni ikiwa juu.

Philipo aliitazama dadu, akamtazama mwalimu, akatazama ubao.

"Mwalimu, sheria?"

"Leo andika ya Tabora," Calist alisema. Aliondoka haraka kwenda kufungua dirisha, kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha na hakutaka kusingizia chaki.

Jumamosi alikung'uta shuka la vipepeo, akalitandika. Mlango wa chumba kile, badala ya kuufunga, aliuacha wazi. Saa kumi kamili alipiga.

"Shikamoo," ilisema sauti, ndogo, bila baba.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Alikuwa amejipangia maneno, ya mbuzi, ya mawe, ya kuomba radhi, yamepangwa kwa namba kama kawaida yake. Yote aliyaacha. Dadu zilikuwa kwenye ndoo shuleni na mkononi hakuwa na kitu.

"Leo naanza mimi," alisema. "Nimeshatupa. Imetoka treni." Aliutazama ule mlango ulio wazi. "Na mlango."

"Kulikuwa na mtu mmoja alikuwa anakaa karibu na reli," Calist alianza. Hakuwa msimuliaji, na ilisikika. "Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, kimoja akilala, kingine akikung'uta vumbi. Alikuwa na sheria nyingi sana huyo mtu. Alikuwa na sheria ya kikombe, sheria ya chumvi, na sheria ya nani aseme na aseme vipi. Watu waliokuwa wanamjia walichoka na sheria zake wakaondoka. Basi akabaki nazo mwenyewe, anazisoma. Kila treni ikipita alikuwa anasimama mlangoni, treni inapita, anarudi kukaa. Na kuna siku moja aliyekuwa anamsubiri alifika kweli. Alifika, akanyoosha mkono agonge. Na yule mtu, badala ya kumwacha agonge, akaanza kumuuliza amekuja na tiketi gani. Hakuna siku amewahi kujuta kama hiyo. Akakaa ndani anasikiliza mlango. Anasikiliza. Yeye kwenda kuufungua anaogopa, kwa sababu hajui kama aliyekuja bado yuko pale nje."

Hakuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa amefika mwisho wa anachokijua. Alisubiri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwambia mtu endelea.

Ilichukua muda. Alisikia kuku, akasikia ndoo ikiwekwa chini mahali fulani, akasikia mtoto akihamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Baba."

"Naam, mama."

"Treni na mlango ziko dadu moja."

"Najua."

"Zimepeana migongo. Haziwezi kutoka pamoja."

"Najua, mama. Nimekosea sheria."

Alikuwa anafikiri kule, Calist alimsikia akifikiri. Kisha ile sauti ikarudi, ikiwa na kitu kidogo cha ukorofi ndani yake.

"Natupa, baba?"

"Tupa, mama."

Mawe matano yakaanguka sakafuni Mtinko, ko-ko-ko, na hakuna kati yao aliyejifanya ni karatasi.

"Imetoka msichana," alisema Ritha. "Bado yuko nje. Shule tunafunga Ijumaa."